Riziki, ngazi, wito: ulinganisho kwa mwalimu anayetaka kuamua

Shule niliyoanzia kazi ilikuwa na ofisi moja ya walimu, na kwenye kona ya dirishani tulikaa wanne kwa miaka 5. Wote tulikuwa na cheti kile kile cha ualimu, tuliajiriwa kwa ngazi moja ya mshahara, TGTS B, na vipindi vyetu vya wiki havikupishana sana. Mwenzangu mmoja alisema wazi kwamba ualimu ni kazi ya kumlelea wanawe, na kengele ya mwisho ikigongwa alikuwa wa kwanza kufika barabarani, kuku wake wanamngoja. Wa pili, kijana wa hisabati, alikuwa na bahasha ya kaki yenye nakala za vyeti zilizokwisha kuthibitishwa, tayari kwa tangazo lolote la masomo au uteuzi. Wa tatu alikuwa mama mtu mzima aliyefundisha darasa la kwanza kwa miaka 19 na kukataa kila aliposhawishiwa kupanda madarasa ya juu. Wa nne ni mimi, niliyekuwa nafuata upepo wa yeyote aliyeongea mwisho.

Baadaye nilikutana na utafiti uliochapishwa mwaka 1997 na Amy Wrzesniewski na wenzake watatu huko Marekani. Waliwauliza wafanyakazi 196 wanaionaje kazi yao, wakipima kwa mgawanyo uliokuwa umeelezwa na mwanasosholojia Robert Bellah na wenzake mwaka 1985. Watu waligawanyika karibu theluthi kwa theluthi: wapo walioiona kazi kama njia ya kupata kipato, wapo walioiona kama safari ya kupanda, na wapo walioiona kama wito. Kilichonishika zaidi ni kundi dogo la makarani 24 waliokuwa wakifanya kazi ya aina moja. Nao walijigawa vivyo hivyo. Nilikumbuka ile kona yetu ya dirishani, kwa sababu tulikuwa tumebishana miaka mitano nani ni mwalimu wa kweli na nani anapoteza muda, kumbe kila mmoja alikuwa anajibu swali lake.

Nitaziita namna hizi tatu riziki, ngazi na wito. La katikati halina neno moja lililotulia katika Kiswahili, maana "taaluma" ni fani uliyoisomea, ila walimu wenyewe husema "kupanda", na kupanda hakuna bila ngazi. Mwenye riziki huuliza kazi hii inaniachia nini mkononi, cha fedha na cha muda. Mwenye ngazi huuliza inanifikisha wapi. Mwenye wito huuliza nani atakosa nini nisipoifanya. Siziandiki ili nionyeshe ipi ni bora. Mama wa darasa la kwanza alikuwa mwalimu hodari kuliko sisi wote, lakini mwenzetu wa kuku hakuwahi kukosa kipindi hata kimoja, na watoto wake walijua kugawanya. Tofauti hasa huonekana siku barua inapofika mezani na unatakiwa uamue.

Kwenda kusoma

Chukua mwalimu mwenye cheti anayefikiria kusoma stashahada. Akihitimu na akabadilishiwa muundo, atatoka TGTS B kwenda TGTS C. Mwenye riziki anapaswa kuhesabu, na wengi hukosea kwa sababu huanza kuhesabu siku ya mahafali. Mshahara haupandi siku ya mahafali. Unapanda pale barua ya kubadilishiwa muundo inapotoka na mabadiliko yakaingia kwenye malipo, na hilo hutegemea bajeti na nafasi. Wapo waliongoja mwaka, wapo waliongoja zaidi.

Tuseme masomo yanakula shilingi milioni 3.6 kwa miaka miwili, ukijumlisha ada, nauli na chakula, na nyongeza baada ya makato ni shilingi 90,000 kwa mwezi. Gharama itarudi baada ya miezi 40 ya mshahara mpya. Aliyeanza na miaka 30 atahitimu na miaka 32. Tuseme anangoja miaka miwili, abadilishiwe akiwa na 34, basi kabla hajafika 38 fedha yake imerudi na mbele yake kuna zaidi ya miaka 20 ya faida hadi kustaafu kwa lazima akiwa na 60. Aliyeanza na miaka 53 atabadilishiwa akiwa na 57. Miezi 36 iliyobaki itamrudishia shilingi milioni 3.24, pungufu ya alichotoa. Pensheni inaweza kulainisha hesabu hiyo kidogo, kwa kuwa mshahara huingia kwenye ukokotoaji wake, kwa hiyo weka takwimu za hati yako ya mshahara mahali pa hizi zangu kabla hujaamua. Kama ulipanga kuzipata fedha hizo kwa mkopo wa kausha damu, acha kabisa. Riba ya mwezi mmoja huko inaweza kuwa kubwa kuliko nyongeza unayoifukuzia.

Kwa mwenye ngazi, hesabu hiyo ya shilingi si ya kwanza. Yeye hutazama cheo kinachofuata kinadai sifa gani, kisha anarudi nyuma kuchagua chuo na kozi. Kosa linalowaumiza watu wa aina hii ni haraka: mtu anaona tangazo, anajiunga, halafu ndipo anaomba ruhusa. Bila ruhusa ya mwajiri unaweza kuhesabiwa mtoro kazini, na hata ukisoma jioni na likizo bila kufuata utaratibu, cheti chako kinaweza kukataliwa siku ya kuomba muundo mpya. Ruhusa ya maandishi ndiyo ngazi ya chini kabisa, na hairukwi. Kijana wetu wa hisabati alilijua hilo. Barua yake ya ruhusa aliitoa nakala tano na moja akaiacha kwa mamaye.

Mwenye wito anaweza kuchagua kozi ambayo wale wawili wataiona ni hasara. Namfahamu mwalimu mwenye stashahada aliyekwenda kusoma stashahada nyingine, ya elimu maalumu, katika Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha. Kwa mshahara, stashahada juu ya stashahada haikumpandisha. Alikwenda kwa sababu darasani kwake kulikuwa na watoto wawili wasiosikia, nao kwa mwaka mzima walikaa dawati la mbele wakimtazama midomo. Alirudi anajua lugha ya alama. Kwa kipimo chake mwenyewe faida ilianza kurudi wiki ya kwanza, na ukimletea hesabu ya miezi 40 atakuuliza unahesabu nini.

Kuhama

Hapa nitasema la kwangu, maana nililipa kwa kutoijua tofauti hii.

Kijijini nilikaa nyumba ya shule bila kodi. Nililima eka moja ya mahindi na mwaka wa kawaida nilivuna magunia 10. Darasa la kwanza tulifundisha pamoja na yule mama, yeye mkondo wa A, mimi wa B. Mwaka wangu wa sita wenzangu walianza kuondoka, na kwenye makundi ya simu kila siku kulikuwa na tangazo la mtu anayetafuta wa kubadilishana naye kituo. Nikaona aibu kubaki. Nilimpata wa kubadilishana naye, mjini, karibu na ofisi za halmashauri.

Uhamisho ukiwa wa mwajiri, mwajiri ndiye anayepaswa kukulipa gharama za kuhama. Ukiwa wa kuomba mwenyewe, unajihamisha. Lori la vyombo lilichukua shilingi 250,000 zangu. Mjini kodi ilikuwa 80,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba alitaka ya miezi sita kwa mkupuo. Daladala ilikuwa 600 kwenda na 600 kurudi, kwa siku 22 ni 26,400. Chakula nilichokuwa nakichota ghalani kikawa cha kununua, kama 60,000 hivi. Kwa jumla nilipunguza shilingi 166,400 kila mwezi kutoka mshahara ule ule, na bado sijataja mahindi niliyokuwa nauza.

Kwa jicho la riziki, basi, nilifanya kosa lililo wazi. Kwa jicho la wito pia, kwa sababu shule ya mjini ilikuwa na walimu wa kutosha wa madarasa ya chini na nikapangiwa sayansi darasa la sita. Kwa jicho la ngazi peke yake uamuzi ule ulikuwa na maana: mjini unaonekana, semina zinakufikia, wasahihishaji na wasimamizi wa mitihani wanapotafutwa jina lako liko karibu. Lakini mimi sikuwa na ngazi yoyote niliyotaka kuipanda. Niliamua kwa jicho la kijana wa hisabati, nikiwa na mfuko wa mwenzangu wa kuku na moyo wa yule mama. Kwa mtu mwingine uhamisho ule ule ungekuwa uamuzi mzuri sana. Aliyekuja mahali pangu kijijini alikuwa na watoto watatu na kodi ya vyumba viwili; miezi michache baadaye aliniambia amemaliza deni lake la dukani.

Saa zisizolipwa

Januari 2016 elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Tanzania, watoto walimiminika shuleni. Darasa langu la kwanza, nikiwa bado kijijini, lilipita watoto 130. Kipindi kimoja hakitoshi kumsikiliza kila mmoja akisoma hata silabi tano. Kwa hiyo yule mama alikuwa anabaki na kumi kumi baada ya kengele. Nakumbuka mtoto mmoja aliyekuwa anageuza b kuwa d. Mama alimshika mkono wa kulia, akamfumbisha ngumi na kusimamisha dole gumba, akamwambia hiyo ni d, fimbo iko nyuma ya tumbo. Kisha mkono wa kushoto, hiyo ni b. Mtoto alitembea na ngumi zake mbili kwa wiki nzima, hata akila uji. Wiki iliyofuata akasoma "baba" bila kuangalia mkono.

Hakuna aliyemlipa mama kwa saa zile, wala hakuzidai. Mwenzetu wa kuku hakubaki, na sikuwahi kumlaumu, kwa sababu mkataba wake na kazi ulikuwa umekwisha kwa siku ile na aliutimiza wote. Kijana wa hisabati alibaki kwa darasa la saba tu, ambalo matokeo yake yangesomwa na kila mtu wilayani. Nayo ni faida kwa watoto wa la saba.

Hatari ya wito iko hapa, na ni lazima niieleze kwa kirefu. Tanzania nzima watu husema "ualimu ni wito." Nimeisikia kwenye mahafali, nikaifurahia. Nimeisikia pia mwalimu alipouliza habari za malimbikizo yake, na nilipouliza kwa nini kambi ya wanafunzi ya Jumamosi haina hata nauli. Stuart Bunderson na Jeffery Thompson walichapisha mwaka 2009 utafiti juu ya watunza wanyama wa bustani za wanyama Marekani na Kanada, watu wengi wao wakiwa wasomi, wenye kipato kidogo na mapenzi makubwa na kazi. Waliokuwa na wito waliiona kazi yao kuwa na maana zaidi, na hao hao ndio waliokuwa tayari kujinyima mshahara, muda na starehe, na kwa hiyo rahisi kutumiwa. Niliposoma hayo nilimwona mama yetu.

Siku moja nilimwuliza.

"Shikamoo mama. Wakikuambia uje Jumamosi kwa kuwa ualimu ni wito, unawajibuje?"

"Marahaba mwanangu. Nawauliza nani kaita. Kama ni mtoto aliyekwama, nakuja hata kesho. Kama ni mkuu anataka wageni waone shule imejaa, hiyo ni kazi, na kazi ina malipo yake."

Tangu hapo natumia kipimo chake. Wito hutoka kwenye kazi yenyewe, kwa yule anayeihitaji. Neno hilo likitoka kinywani mwa anayepaswa kukulipa, lichukulie kama amri na ulijibu kama amri, kwa adabu na kwa maandishi. Dai la malimbikizo linajazwa fomu na kuambatanishwa barua za kupandishwa daraja na hati za mshahara za miezi husika, na mapenzi yako kwa watoto hayafuti shilingi hata moja kati ya hizo. Mama mwenyewe alikuwa na faili la madai nadhifu kuliko la kijana wa bahasha.

Kuna upungufu mwingine wa wenye wito niliouona mara nyingi: hawaandiki. Saa za baada ya kengele hazikuingia popote. Siku hizi utendaji wa mtumishi hujazwa kwenye mfumo wa PEPMIS, na kazi isiyojazwa humo ni kama haikufanyika inapofika zamu ya kupandishwa daraja. Mwenye ngazi hujaza kila wiki bila kukumbushwa. Mwenye wito huona ni kujisifu, anaacha, halafu mwaka wa tano anashangaa kupitwa na mtu aliyemfundisha kazi. Hapa namwomba aige. Dakika 20 za Ijumaa hazimnyang'anyi mtoto yeyote kitu.

Utajuaje yako ni ipi

Ukijiuliza tu utajidanganya, maana wito unapendeza kuutaja mbele za watu na riziki inaonewa haya. Angalia badala yake uamuzi wa mwisho uliofanya bila kushurutishwa, na kile ulichokiangalia kwanza. Barua ilipokuja, jicho lako lilikimbilia kiasi, cheo, au jina la darasa? Likizo ya mwisho uliitumia kwa nini? Ukiumwa siku tatu, kinachokusumbua kitandani ni nini: makato, nafasi yako kuchukuliwa, au watoto waliokuwa wamefika silabi za "nda"?

Majibu yanaweza kubadilika, na nadhani wengi hatuwi na moja tu. Mwenzetu wa kuku aliniambia alianza na wito kabisa. Mume alipofariki akabaki na watoto wanne, na ualimu ukawa riziki kwa miaka ambayo ilibidi uwe riziki. Aliyemwona wakati huo akamwita mvivu alikosea. Kinyume chake pia hutokea: mtu huingia ualimu kwa sababu ndiyo nafasi iliyopatikana baada ya matokeo yake ya kidato cha nne, halafu darasa likamshika.

Wito pia hauko lazima ndani ya ajira. Julius Nyerere alikuwa akifundisha Pugu, na Machi 1955 alijiuzulu ualimu alipotakiwa kuchagua kati ya kazi hiyo na uongozi wa TANU. Aliacha mshahara na ngazi kwa siku moja. Jina la Mwalimu alibaki nalo maisha yake yote. Namtaja kwa sababu watu wengi wanaoteseka kazini wanadhani lazima waache ajira ili wafuate wito, au wauue wito ili wabaki na ajira. Nawajua walimu wanaofundisha kwa riziki kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, na wito wao uko kwaya au madrasa ya jioni. Mtu wa namna hiyo akipewa cheo chenye vikao vya jioni amenyang'anywa kitu, hata kama mshahara umeongezeka. Kabla hajakubali aulize vikao ni siku gani.

Wiki mbili zilizopita nami niliitwa. Kuna shule, kilomita 14 kutoka hapa, inahitaji mwalimu mkuu, na jina langu limependekezwa. Safari hii sikumuuliza mtu wa kona ya dirishani. Nilikunja karatasi mara mbili, nikapata safu tatu. Kwenye riziki niliandika posho ya madaraka, nikatoa nauli na simu za kazi, na kikabaki kitu kidogo lakini kipo. Kwenye ngazi niliandika kwamba nina miaka 38, na kwamba nikikataa sitaulizwa tena hivi karibuni. Kwenye wito niliandika: shule ina mikondo miwili ya darasa la kwanza na mwalimu mmoja.

Nimeandika kukubali, kwa sharti moja. Nimeomba nibaki na kipindi cha kusoma cha darasa la kwanza, cha saa mbili asubuhi, kila siku isipokuwa siku za vikao vya wilayani. Nakala ya barua nimemtumia yule mama, ambaye sasa amestaafu. Halmashauri bado haijajibu.